Tangazo la kuvuta manesi wazoefu

"Nimetangaza mara mbili nafasi za nesi kwenye kliniki yetu Tabata, wanaoomba ni waliomaliza chuo juzi tu. Niandikeje nipate wazoefu?"

Mkuu, nimekuwa nesi miaka mingi hapa Dar na nakwambia mzoefu ana kazi tayari, kwa hiyo akisoma "mazingira rafiki, mshahara mnono" anapita tu maana kote wanaandika hivyo. Yeye anaangalia zamu zenu zikoje. Nilishahama sehemu moja sababu usiku nilikuwa peke yangu na wodi nzima, huku nimeitwa leba.

Sasa wewe andika ukweli wa kwako, kwa mfano: "Zamu ya usiku manesi wawili na daktari yupo ndani, ratiba inatoka wiki mbili kabla, ukitoka usiku unapumzika siku mbili, gari linakurudisha hadi Buguruni." Mshahara weka kiwango, kuanzia ngapi hadi ngapi, na unaingia tarehe ngapi. Likizo ya siku 28 na NSSF usizinadi kama zawadi, hizo ni sheria na mzoefu anajua, bora utaje kama mnalipia mafunzo anayohitaji akihuisha leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Na masharti punguza jamani, leseni hai na miaka mitatu ya leba inatosha. Ila kama usiku bado mnamweka mmoja, rekebisheni hilo kwanza ndo mtangaze, maana manesi tunapigiana simu kuulizana kabla ya kuomba.