Barua kwa mhasibu mpya: kabla hujafunga hesabu za Desemba 31

*"Wakuu, nimeajiriwa uhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Bosi anataka vitabu vifungwe Desemba 31, wakaguzi wanaingia Machi. Chuoni tulifundishwa kuandaa mizania, ila orodha ya kufunga mwaka sijawahi kuiona. Naanza na nini, na kwa nini?"*

Mdogo wangu, kijana mpya akiingia ofisini kwetu huwa namwandikia barua kabla ya Desemba. Nakuandikia na wewe ile ile, mifano nimeigeuza iendane na biashara yenu.

Anzia stoo, si kwenye kompyuta. Benki unaweza kuisuluhisha hata Februari kwa sababu taarifa yake haipotei. Mzigo uliokuwa stoo jioni ya Desemba 31 hautauona tena ukishaanza kuuzwa Januari. Kabla ya kuhesabu, andika namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo na namba ya noti ya mwisho ya kutoa mzigo. Namba hizo mbili ndizo mpaka wa mwaka wako. Hati yoyote yenye namba iliyo chini ya hapo ni ya mwaka huu, iliyo juu ni ya mwakani, na hakuna mtu wa mauzo atakayekushawishi vinginevyo.

Mtunza stoo asihesabu peke yake. Na anayehesabu asipewe karatasi yenye idadi ya kwenye mfumo, maana ataiandika hiyo hiyo. Chagua bidhaa chache kwenye karatasi ukazitafute sakafuni, kisha chagua chache sakafuni ukazitafute kwenye karatasi. Njia ya kwanza hukuonyesha mali iliyoandikwa lakini haipo, ya pili hukuonyesha iliyopo lakini haikuandikwa. Bati ambazo mteja ameshatolewa ankara na zimekuwa zake, ila hajatuma gari, zitengwe pembeni. Ukizihesabu utakuwa umeziuza na bado unazo.

Sasa nije kwenye jambo linalobadilisha faida kuliko yote. Tuseme Desemba 30 imeingia saruji mifuko 800, bei 15,000 kila mfuko kabla ya VAT. Hati ya kupokelea imesainiwa, na mifuko yote imehesabiwa stoo. Ankara ya msambazaji inafika Januari 6, na wewe unaiingiza kwa tarehe hiyo. Kila kitu kinaonekana sawa, wala urari hautakulalamikia. Lakini gharama ya mauzo ni stoo ya mwanzo, ukajumlisha manunuzi, ukatoa stoo ya mwisho. Umetoa saruji ya 12,000,000 ambayo hukuijumlisha kwenye manunuzi. Faida imepanda kwa 12,000,000 ambazo hazipo, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 umeikadiria TRA 3,600,000 za bure. Mwaka unaofuata faida itashuka kwa kiasi hicho hicho, na bosi atakuuliza biashara imekumbwa na nini.

Dawa yake ni kuingiza manunuzi 12,000,000 kwa tarehe ya Desemba 31, upande wa pili ukienda kwenye akaunti ya mizigo iliyopokelewa bila ankara. Ankara ikifika, unaifuta akaunti hiyo na kumwingiza msambazaji mwenyewe. Vijana wengi hapa huweka 14,160,000, yaani pamoja na VAT ya asilimia 18. Usifanye hivyo. Ile 2,160,000 si gharama yako kama umesajiliwa VAT, na huwezi kuidai mpaka uwe na risiti ya EFD mkononi.

Utajuaje kama kuna nyingine umeziruka? Chukua ankara na malipo yote ya Januari na Februari, kila moja ulize: mzigo uliingia lini, au kazi ilifanyika lini? Hapo ndipo utakuta mlinzi wa Desemba, fundi aliyetengeneza lori kabla ya Krismasi, na wakili. Wakaguzi nao watafanya zoezi hili hili, kwa hiyo wewe uwatangulie.

Kwenye benki, usiridhike kwa sababu tofauti imefika sifuri. Mfano: taarifa ya benki inasema 51,900,000, leja inasema 48,350,000. Kwenye taarifa unatoa hundi ambazo hazijawasilishwa 4,200,000 na kuongeza pesa uliyopeleka ambayo benki haijaionyesha 900,000, unapata 48,600,000. Kwenye leja unaongeza 500,000 ambayo mteja aliweka moja kwa moja na unatoa makato ya benki 250,000, unapata 48,600,000. Zimelingana, lakini kazi ndiyo kwanza imeanza. Nenda kwenye taarifa ya Januari uone zile hundi zilipita lini. Ukikuta ya 3,000,000 imepita mwishoni mwa Januari, uliza ilikuwa wapi. Mara nyingi ilisainiwa Desemba 31 ikalala kwenye droo mpaka msambazaji alipokuja kuichukua. Hundi iliyo droo kwako hujamlipa mtu. Irudishe: benki iongezeke 3,000,000, na deni la msambazaji liongezeke vivyo hivyo. Faida haiguswi, ila mizania ilikuwa inaonyesha unadaiwa kidogo kuliko ukweli, na kama mna mkopo, benki inaisoma mizania hiyo.

Halafu linganisha mauzo ya leja na jumla ya mauzo kwenye ritani zote 12 za VAT, na ripoti za Z za mashine ya EFD. Hili chuoni hawalitaji, ila mtu wa TRA huanza nalo kwa sababu namba za ritani anazo tayari mezani kwake. Tofauti yenyewe si kosa. Kosa ni tofauti isiyo na maelezo. Mliuza pikapu ya zamani? Ipo kwenye ritani kwa sababu ina VAT, lakini kwenye leja haipo kwenye mauzo. Mteja alirudisha bati Desemba na noti ya marejesho ikatolewa Januari? Nayo inaleta tofauti. Andika maelezo ya kila moja kwenye karatasi moja sasa hivi, wakati watu waliohusika bado wanakumbuka.

Uchakavu ni hesabu tu, usikunyime usingizi. Kumbuka tu kwamba viwango vya vitabuni na vya kodi ni vitu viwili. Kompyuta, kwa mfano, kwenye kodi inakatwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, hata kama nyinyi mmeamua iishe kwa miaka minne sawasawa. Weka rejista mbili. Akaunti ya sasipensi nayo iwe sifuri kabla ya wakaguzi kufika, na usiimalize kwa kuitupa yote kwenye gharama mbalimbali. Wanajua kuangalia huko.

Mwisho funga kipindi kwenye mfumo, nywila abaki nayo msimamizi wako, vinginevyo kuna mtu ataingiza ankara ya Desemba mwezi Aprili. Wakaguzi wakimaliza, omba orodha ya marekebisho yao na uyaingize yote kwenye mfumo, kisha hakikisha faida iliyolimbikizwa kwenye mizania iliyosainiwa ndiyo hiyo hiyo inayofungua Januari 1. Usipofanya hivyo, mwaka ujao utaanza na tofauti ambayo hakuna atakayejua ilitoka wapi.