Gari la kukodi vitabuni, na riba isiyookotwa barabarani

SWALI: Kampuni yetu ipo Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Tumekodi pikapu ya dabo kebini kwa miezi 36, shilingi 4,000,000 kila mwisho wa mwezi, dereva na matengenezo juu ya mwenye gari. Mshauri wetu anasema, kwa kuwa mkataba unamruhusu mwenye gari kutuletea gari jingine, hatulazimiki kuliingiza kwenye mizania. Na tukiliingiza, tutumie Riba ya Benki Kuu. Je, yuko sahihi?

JIBU: Hayuko sahihi kwa yote mawili, na la pili linaniudhi zaidi.

Kuhusu gari jingine, soma tena kile kifungu cha mkataba. Ikiwa mwenye gari anaweza kulibadilisha pale tu linapoharibika au linapokwenda gereji, hiyo ni huduma na wala si haki ya kubadilisha inayotambuliwa na IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha hesabu za ukodishaji. Haki hiyo ingewaondoa kwenye mizania iwapo angeweza kuwabadilishia wakati wowote katika miezi yote 36, na akanufaika kiuchumi kwa kufanya hivyo. Dereva naye asikuchanganye. Yeye anashika usukani, lakini ninyi ndio mnaoamua asubuhi kama gari linakwenda Kibaha au bandarini, na amebeba nini. Maamuzi hayo ndiyo udhibiti. Kwa hiyo mnayo mali ya haki ya matumizi, yaani haki ya kulitumia gari inayoandikwa kwenye mizania pamoja na deni la kodi zake, na njia ya mkato ya mali za thamani ndogo haiwahusu, kwa kuwa gari likiwa jipya si kitu cha thamani ndogo. (Kama mnaandaa hesabu kwa kiwango cha IFRS kwa kampuni ndogo na za kati, habari ni nyingine: ukodishaji wa kawaida wa namna hii hubaki kuwa gharama ya kila mwezi.)

Sasa tuje kwenye riba. Kwanza ondoeni sehemu ya huduma. Tuseme mwenye gari huyo hukodisha gari tupu kwa 3,000,000, na dereva pamoja na matengenezo huuzwa peke yake kwa 1,000,000. Hiyo milioni moja ni gharama ya mwezi, na inayogeuzwa kuwa thamani ya sasa kwa kutumia riba ni milioni tatu. Riba iliyomo ndani ya mkataba wenyewe ndiyo ingetangulia, lakini kuipata kunahitaji kujua mwenye gari anatarajia gari litakuwa na thamani gani mwishoni, jambo ambalo mkodishwaji ni nadra kuambiwa. Inabaki riba ambayo ninyi, siku gari linapokabidhiwa, mngetozwa mkikopa kwa shilingi, kwa miaka mitatu na kwa dhamana ya namna hiyo, kiasi cha kununulia mali ya thamani inayolingana na haki hiyo. Riba ya Benki Kuu ni dira ya sera ya fedha, na hakuna benki itakayowakopesha ninyi kwa riba hiyo. Riba ya ovadrafti isiyo na dhamana nayo si jibu, kwa kuwa kwa kawaida huwa juu mno kwa mkopo wa namna hii.

Tuchukue kwamba benki yenu imewapa barua ya mkopo wa gari kwa asilimia 15 kwa mwaka, yaani 1.25 kwa mwezi. Thamani ya sasa ya malipo 36 ya milioni tatu ni takriban shilingi 86,540,000. Mkitumia riba ya chini kuliko mnayotozwa, tuseme asilimia 6, inakuwa takriban 98,610,000. Mizania imevimba kwa zaidi ya milioni 12 bila gari kuongezeka hata tairi. Jumla ya gharama kwa miaka mitatu haibadiliki, ni milioni 108, lakini mwezi wa kwanza uchakavu na riba kwa asilimia 15 ni takriban 3,486,000, na kwa asilimia 6 ni 3,232,000 tu. Faida ya mwanzo inapambwa, na miezi ya mwisho inalipa deni hilo.

Nimewahi kufungua mafaili ya kampuni tatu zisizohusiana, moja ikiwa ya usafirishaji, nyingine ya maji ya chupa na ya tatu shule, nikakuta zote zimetumia asilimia 10. Chanzo kilikuwa lahajedwali moja ya Ekseli iliyouzwa na mtu yuleyule, riba ikiwa imekwisha kuandikwa ndani ya kisanduku na kufungwa kwa nywila. Hakukuwa na barua ya benki, wala hesabu yoyote ya kuonyesha ilikotoka. Wengine wamenunua mwongozo unaobadilisha riba kila Januari, ilhali riba ya mkataba hubaki ileile hadi kutokee jambo linalolazimisha kupima upya, kama vile kurefushwa kwa muda. Mtu akikuuzia jedwali la namna hiyo, mwombe akuonyeshe karatasi iliyotoa ile riba, yenye tarehe inayolingana na siku gari lilipokabidhiwa. Akikosa, mkaguzi wako ataomba karatasi hiyohiyo, na mtakaotakiwa kuitoa ni ninyi.