Nilikua na milioni 24 na miradi minne yote inalipa, nikachagua vibaya

Juzi dada mmoja wa Kasulu kanitumia meseji ndefu, kasema ana milioni 18, kapiga hesabu za miradi mitatu na yote inaonyesha faida, sasa anauliza aanze na upi, na mwishoni kaandika "kaka naona nichukue ule wenye faida kubwa kuliko yote nimalize". Nilivosoma hiyo sentensi ya mwisho nikaweka simu chini. Ndo sentensi niliyomwambia shangazi yangu pale Kibirizi, Kigoma, mwaka 2021, maneno yaleyale kabisa, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo naandika kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye hela kidogo na mawazo mengi mazuri.

Mwaka ule nilikua nimekusanya milioni 24, akiba yangu ya miaka sita pamoja na kiasi ambacho wazee walitugawia baada ya kuuza kiwanja. Benki nilienda, walitaka hati ya nyumba na mimi sina nyumba yenye hati, basi 24 ikawa ndo mwisho, hakuna nyingine inayokuja. Mezani nilikua na miradi minne. Wa kwanza mashine ya kukamua mawese kule njia ya Mwandiga pamoja na injini ya dizeli na banda, milioni 20. Wa pili chanja za waya za kuanikia dagaa, milioni 6. Wa tatu friza za kutengeneza barafu ya wavuvi, milioni 8. Wa nne kaduka ka nyavu, taa na betri za uvuvi, milioni 10. Ukijumlisha yote ni milioni 44, na mimi nina 24.

Sasa hesabu nilijua, nilisoma biashara chuo, sio kwamba nilibahatisha. Hela ya mwakani sio sawa na hela ya leo, kwa hiyo kila mapato unayotegemea unayapunguza kwa kiwango fulani kwa kila mwaka yanavyochelewa, mimi nilitumia asilimia 20 maana mkopo wa mtaani kwetu ulikua hauwezi kunigharimu chini ya hapo. Chukua zile chanja. Zinabakiza milioni 4.8 kwa mwaka baada ya kulipa vibarua na usafiri, na waya unadumu miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ile 4.8 kwa thamani ya leo ni milioni 4, wa pili ni 3.33, wa tatu 2.78, jumla milioni 10.11. Toa 6 za kuanzia, inabaki milioni 4.1. Hiyo ndo tunaita thamani halisi ya sasa, na ikiwa juu ya sifuri mradi unalipa.

Nikafanya hivo kwa yote. Mashine ikanipa milioni 8, friza 4.8, duka 4.5, chanja 4.1. Mashine ikawa juu mbali, karibu mara mbili ya zingine. Nikasema hapa hakuna mjadala.

Shangazi alikua anageuza dagaa kwenye mchanga, hata hakuniangalia, akauliza, "Mwanangu, na hiyo milioni nne inayobaki utaifanyia nini?" Nikamwambia shangazi hiyo ni ya dharura. Akasema, "Haya. Na hela ya kununulia mikungu ya chikichi iko wapi?" Nikamjibu itatoka humohumo. Akanyamaza, na mimi nikachukua ule ukimya kama amekubali.

Kosa langu la kwanza lilikua hili. Thamani halisi ya sasa inakwambia mradi unaongeza utajiri kiasi gani, na kama hela ingekua haina mwisho ningefanya yote minne na mjadala ungeishia hapo. Lakini hela ikiwa na mwisho swali linabadilika. Huulizwi tena mradi upi una faida kubwa, unaulizwa kila shilingi unayoweka inarudisha shilingi ngapi, maana kinachopungua ni hiyo shilingi. Kipimo chake kinaitwa kielezo cha faida: unachukua jumla ya mapato yote kwa thamani ya leo unagawanya kwa hela unayotoa mwanzoni. Chanja ni 10.11 gawanya kwa 6, unapata 1.69. Friza 12.8 kwa 8, ni 1.6. Duka 14.5 kwa 10, ni 1.45. Na mashine yangu kipenzi, 28 kwa 20, ni 1.4, ya mwisho kabisa.

Ukishuka na hiyo orodha toka juu, chanja 6, friza 8, duka 10, jumla ni milioni 24 kamili, na faida yake kwa pamoja ni milioni 13.4. Mimi nikachukua mashine yenye faida ya milioni 8 nikabaki na milioni 4 zimelala. Yaani nilitupa zaidi ya milioni 5 kabla hata sijawasha injini, na kwenye karatasi zangu mwenyewe kila namba ilikuwepo.

Kwa wanaotumia Ekseli, weka gharama ya chanja B1 na mapato ya miaka mitatu kuanzia B2 mpaka B4, alafu:

```
=NPV(20%,B2:B4)-B1
=NPV(20%,B2:B4)/B1
```

Mstari wa kwanza ni thamani halisi, wa pili ni kielezo. Gharama ya leo usiiweke ndani ya mabano na mapato, hata ukiipa alama ya kutoa, maana Ekseli inahesabu namba ya kwanza mle ndani kama hela ya mwakani, utapata chanja milioni 3.4 badala ya 4.1 na hutajua imetoka wapi.

Kosa la pili ndo lililonimaliza, na ndo alilokua anauliza shangazi. Chini ya mgawanyo lazima ikae hela YOTE ambayo mradi unaila mwanzoni, sio bei ya mashine tu. Mashine bila mikungu ni chuma. Msimu ulipofika mikungu ya chikichi ipo tele na wakulima wanataka keshi hapohapo, mimi na vile vimilioni vyangu vinne vilivyokua vimeshaliwa na usafiri na fundi, nanunua mzigo wa siku mbili, nakamua, nasubiri niuze ndo ninunue tena. Siku nyingine injini imezimwa saa nne asubuhi na vijana wamekaa chini ya banda. Na kwa kuwa nahitaji hela haraka nilikua nauza madumu ya lita 20 palepale msimu ukiwa umechanganya, bei iko chini kabisa, wakati wenye hela wananunua mawese yangu wanayafungia stoo mpaka bei ipande. Nimewaona kwa macho yangu wakipakia madumu yangu.

Nilikuja kukaa baadae nikaona nilihitaji milioni 5 nyingine ya kuzungusha. Hiyo hela hailiwi moja kwa moja, mwisho wa miaka mitano ya mashine unaipata, ila 5 ya miaka mitano ijayo ukiipunguza kwa asilimia 20 ni kama milioni 2 tu leo. Kwa hiyo mapato yanakua 30 na gharama 25, kielezo kinashuka mpaka 1.2. Na 25 ni zaidi ya 24. Mradi niliouchagua hata kwenye bajeti yangu ulikua hauingii, nilikua sijui tu.

Mtaniuliza, si miradi mitatu yote ni ya ziwani, ziwa likifungwa je? Swali zuri na kielezo hakilioni hilo kabisa, kinapima kila mradi kama uko peke yake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, miezi mitatu, na dagaa, barafu na nyavu vyote vingesimama siku moja. Lazima uiingize mwenyewe kwenye mapato. Nikizikata chanja miezi mitatu kila mwaka, 4.8 inakua 3.6, kielezo kinashuka toka 1.69 mpaka 1.26. Imeumia sana ila bado iko juu ya mashine yenye hesabu ya kweli. Kama ingeshuka chini ya hapo ningebadili mawazo, na wewe pia badili.

Sasa dada yangu wa Kasulu, nikurudie. Usije ukachukua kielezo ukashuka nacho kama ngazi bila kufikiri, kwa sababu miradi haikatwi vipande. Huwezi kununua nusu ya duka. Tuseme una hiyo 18 yako na miradi ni yangu mitatu ya ziwani. Ukifata orodha unachukua chanja 6 na friza 8, umetumia 14, imebaki 4, duka la 10 haliingii. Faida yako ni milioni 8.9. Sasa jaribu kuiacha chanja, ile iliyoongoza kwa kielezo: friza 8 na duka 10 ni 18 kamili, faida milioni 9.3. Ya kwanza kwenye orodha imebaki nje na umepata zaidi, kwa sababu milioni 4 iliyokaa benki haikuongezei kitu wakati ndani ya duka inafanya kazi. Kwa hiyo kielezo kikupe pa kuanzia, alafu kaa na karatasi uandike kila mchanganyiko unaoingia kwenye hela yako, jumlisha thamani halisi ya kila mchanganyiko, uchukue wenye jumla kubwa. Miradi mitatu michanganyiko haifiki kumi, ni kazi ya nusu saa.

Na kabla ya yote hakikisha 18 ni mwisho kweli. Mimi benki walinikatalia, huo ni ukuta. Lakini kama 18 umejiwekea mwenyewe kwa sababu unaogopa deni, na mradi unaoachwa nje una kielezo cha 1.4 baada ya kuhesabu kila kitu kwa riba ya kweli, hapo unajinyima mwenyewe, kaangalie upya.

Kwenye meseji yako umeandika mizinga ya nyuki, mashine ya kukoboa na usafirishaji wa maharage. Wa maharage umeweka milioni 7 na naona ni kodi ya stoo, magunia na mizani. Hela ya kuwalipa wakulima wa Heru Juu siku wanapoleta mzigo sijaiona popote. Nitumie hiyo namba kwanza, ndo nikupigie hesabu.