Kabla ya maji ya Ngarambe: namna ya kusoma masimulizi ya mizimu

Safari yangu ya kwanza kusini mwa Mto Rufiji, nilipokwenda kuuliza habari za dini ya wazee wa zamani, niliiharibu kwa swali moja nililokuwa nikianza nalo kila nyumba, kuhusu mganga wa vita vya Maji Maji: Kinjikitile alikuwa nani? Mzee wa kwanza alinijibu kwa ufasaha kwamba alikuwa mtu aliyewaunganisha Waafrika ili wamwondoe mkoloni. Wa pili akasema hivyohivyo, na wa tatu vilevile, nami nikafurahi kwamba ushahidi unakubaliana. Ilinichukua muda kugundua kuwa wote watatu walikuwa wakitamka "Kinjeketile", jina kama lilivyoandikwa katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, iliyosomwa shuleni na vizazi kadhaa. Nilikuwa nimekusanya kumbukumbu za darasani, tena kwa gharama ya nauli na zawadi za sukari.

Matamshi peke yake si kipimo cha kutosha, lakini yanatoa tahadhari. Anayetaka kujua watu wa Umatumbi na Rufiji waliabudu nini kabla ya Wajerumani anapaswa kukubali kwamba karibu kila anachosimuliwa kimepita katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, kisha katika siasa za uhuru, kisha shuleni. Kazi yake ni kubandua tabaka hizo moja baada ya nyingine, na kujua ni wapi haziwezi kubanduka.

Tuitazame habari yenyewe kama wazee walivyoisimulia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati mwanahistoria Gilbert Gwassa na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walipowahoji watu waliokuwa bado wanavikumbuka vita. Walieleza kwamba mwaka 1904 nyoka mkubwa alionekana Ngarambe, kijijini kwa Kinjikitile, mwenye kichwa kama cha kima mdogo mweusi na macho makubwa mekundu; baadaye akaonekana mtu aliyevaa kanzu nyeupe, na nyoka akawa hayupo tena. Kinjikitile Ngwale akapandwa na pepo aitwaye Hongo, akatambaa kwa tumbo hadi majini, akazama. Ndugu zake walimtafuta wasimpate, na kesho yake akatoka na nguo kavu. Kisha akaanza kugawa maji ya dawa, yaliyoaminiwa kumkinga mtu na risasi, na akafundisha, kwa maneno ya baadhi yao, kwamba watu wote ni wa Sayyid Said.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifundisha kusoma. Mzee anayehojiwa miaka michache baada ya Uhuru, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, hana faida yoyote ya kubuni kwamba shujaa wake aliwaita watu raia wa sultani wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Jambo linalomkwaza msimuliaji, au lisilomsaidia chochote, lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa limerithiwa kuliko jambo linalompendeza kila msikilizaji. Hata hivyo, kuwa la kweli si kuwa la kale sana: Sayyid Said na kanzu nyeupe vinatoka katika karne ya 19, zama za misafara na biashara ya pwani. Hilo tayari ni tabaka jingine, na nalo ni la kubanduliwa.

Kinachobaki chini yake ni nyoka, maji yenye kina, na pepo anayemchukua mtu na kumrudisha. Hapo ndipo inapofaa kuvuka mto kuelekea kaskazini. Katika milima ya Uluguru kulikuwa na mzimu wa Kolelo, uliohusishwa na nyoka anayekaa pangoni, ambako Waluguru na Wazaramo walipeleka haja zao za mvua na mavuno. Mmishonari Mjerumani Martin Klamroth aliandika habari zake miaka michache baada ya vita. Tukilinganisha pande hizo mbili tunapata umbo moja: mahali maalumu pangoni au majini, nyoka kama sura ya mwenye mahali, walinzi wa kurithi, na shida ya shamba kama sababu ya safari. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, alipochunguza upya mwanzo wa vita huko Uzaramo, alisisitiza njaa, mavuno na nguruwe pori waliokuwa wakila mazao. Naona hoja hiyo ina uzito, kwa sababu inatuonyesha dawa ya shamba iliyogeuzwa kuwa dawa ya risasi. Ndiyo sababu sasa ninaanza mahojiano kwa kuuliza: mvua ikikosekana, babu zenu walikwenda wapi, na walibeba nini? Kwa swali hilo bibi mmoja alinieleza njia nzima, mahali pa kuvua viatu, kipande cha kaniki, unga wa mtama uliotangulizwa kabla ya mtu yeyote kusema neno. Hakumtaja Kinjikitile hata mara moja.

Lakini ulinganisho huo una shimo ambalo mimi mwenyewe nilitumbukia. Wazee wa Gwassa walisimulia baada ya vita; Klamroth naye aliandika baada ya vita, akiwa miongoni mwa Wajerumani waliotaka kujua nani aliwachochea watu. Gavana von Götzen, katika kitabu chake cha mwaka 1909, alikuwa na kila sababu ya kuwalaumu waganga kuliko kodi na mashamba ya pamba. Basi mtandao mmoja mkubwa wa mizimu, kutoka Uluguru hadi Rufiji, ulimfaa gavana aliyetafuta njama, na ukamfaa pia mwanahistoria wa miaka ya 1960 aliyetafuta umoja. Mashahidi wawili wanapokubaliana kwa sababu kila mmoja ana haja yake, makubaliano yao hayana nguvu ya mashahidi wawili. Naweza kusema kwamba watu wa pande zote mbili walikuwa na mawazo yanayofanana kuhusu nyoka, maji na mvua. Kwamba walikuwa na uongozi mmoja wa dini kabla ya 1904, vyanzo hivi havinipi ruhusa ya kusema.

Kosa langu jingine lilikuwa la hesabu. Mlinzi wa mzimu mmoja alinitajia walinzi saba waliomtangulia; nikaweka miaka ishirini na mitano kwa kila mmoja, nikaandika kwa fahari kwamba mzimu ule una miaka isiyopungua 175. Mwaka uliofuata, nyumba ya pili ya ukoo huohuo ikanipa majina manne tu, mawili yakiwa hayamo katika orodha ya kwanza. Nilipouliza kwa utulivu nikaelezwa kwamba anayerithi kazi hurithi na jina, hivyo watu watatu wanaweza kuwa jina moja; na kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa katika ugomvi wa shamba linalopakana na msitu wa mzimu, ikihitaji wahenga wengi. Tangu hapo orodha ya walinzi naisoma kwanza kama hoja ya msimuliaji kuhusu mali na cheo, na tarehe siitoi humo. Huwa nauliza pia nyumba iliyoshindwa, kwa sababu ndiyo inayokumbuka mzimu ulikuwa kwa nani kabla.

Yule bibi nilimwomba anitajie maneno yaliyosemwa baada ya unga kumwagwa. Akanitazama, akasema hayo ni ya wenyewe, na wenyewe hawapo. Katika daftari langu, chini ya kaniki na mtama, ukurasa huo bado ni mtupu.