Ukurasa wa 47 wa makala yenye kurasa sita

Wadogo zangu mnaoandika pendekezo la utafiti kwa mara ya kwanza, juzi nimekaa kibarazani Nyegezi na mapendekezo kumi na moja mliyoniletea, na saba kati yake yana sentensi ileile: Hardin (1968) anasema wavuvi wakiachwa huru samaki wataisha. Nimewauliza watatu wenu kama wamemsoma Hardin mwenyewe, yaani makala yake "The Tragedy of the Commons". Wote watatu wamemkuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Nawapenda, na ndiyo maana nakasirika. Kosa hili nimelifanya mimi kabla yenu, na lilinigharimu.

1. Mtaje uliyemsoma kwa macho yako.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu wafanyabiashara na wavuvi wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Sura ya pili ilidai nadharia. Nikaazima kitabu kuhusu uvuvi wa maziwa, na ukurasa wa 47 mwandishi alikuwa ameeleza wazo la Hardin kwa maneno yake: mvuvi akiongeza mtumbwi mmoja, faida ya mtumbwi ule ni yake peke yake, ila hasara ya samaki kupungua wanagawana wote. Nikaona hii ndiyo Mwanza yenyewe. Nikaandika wazo lile kama lilivyo na mbele yake nikaweka (Hardin, 1968, uk. 47). Kisha nikafungua orodha ya marejeleo ya kitabu kile, nikazoa taarifa za makala ya Hardin na kuzipachika kwenye orodha yangu. Kitabu nilichokisoma sikukitaja popote.

Msimamizi wangu hakuliona. Mtahini wa nje aliliona. Siku ya kutetea aliniuliza kwa upole, "Hardin umemsoma?" Nikajibu ndiyo. Akafunua orodha yangu, akaweka kidole. "Hapa umeandika mwenyewe kwamba makala inaanzia ukurasa wa 1243 na kuishia 1248. Ukurasa wa 47 umeutoa wapi?"

Nilinyamaza. Nakumbuka feni ikizunguka na karatasi zangu zikiinuka pembe. Akauliza tena, "Mfano mkuu wa Hardin ni upi?" Nikasema wavuvi na mitumbwi. Akatikisa kichwa. "Ni wafugaji na malisho, mwanangu." Lile jibu la "ndiyo" linaniuma mpaka leo kuliko ule ukurasa. Ukurasa ni uzembe, lakini "ndiyo" ulikuwa uongo niliomwambia mzee aliyesafiri kuja kunisikiliza.

Nilipewa mwezi mmoja wa masahihisho. Nikaitafuta makala ile, nikachapisha kurasa zake sita na kuzisomea kwenye feri ya Kamanga nikielekea nyumbani Sengerema. Mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote, faida anapata yeye, uharibifu wa majani wanagawana. Mitumbwi ilikuwa ya mwandishi wa kitabu. Yeye ndiye aliyelihamisha wazo kutoka malishoni kwenda ziwani, na mimi nilimnyang'anya kazi yake nikampa Hardin. Bahari na samaki Hardin anazigusa kwa ufupi tu, kwani hoja yake kubwa ni ongezeko la watu. Baadaye nikagundua pia kwamba mwaka 1998 aliandika tena na kukiri kwamba alipaswa kusema wazi kuwa anazungumzia mali ya wote isiyo na usimamizi. Kwangu hilo lilikuwa pigo, kwa sababu wavuvi niliowachunguza walikuwa na leseni, na kwenye mialo yao kulikuwa na BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni. Sura nzima ilisimama juu ya maneno ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuyarekebisha, nami sikujua kwa sababu sikuwahi kumfungua.

2. Chanzo cha asili kikipatikana, kifuate.

Andika jina la makala ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, na ukikwama mwone mkutubi kabla ya kukata tamaa. Ukishaisoma makala ya Hardin, mnukuu moja kwa moja, na kitabu kilichokuelekeza kitaje pale tu unapotumia hoja ya mwandishi wake, kama ile ya mitumbwi.

3. Kisipopatikana, sema ukweli kwenye mabano.

Ndani ya makala yake Hardin anasema mfano wa malisho haukuanza na yeye. Aliutoa kwenye kijitabu cha mwaka 1833 cha Mwingereza William Forster Lloyd. Tuseme unataka kumtaja Lloyd, umemtafuta na hukumpata, na ulichonacho mkononi ni Hardin. Kwa APA, mtindo wa marejeleo ambao wengi wenu mmeagizwa kuutumia, unaandika hivi:

(Lloyd, 1833, kama alivyorejelewa na Hardin, 1968)

Ukianza na jina ndani ya sentensi, inakuwa: Lloyd (1833, kama alivyorejelewa na Hardin, 1968) alionyesha kwamba... Kwenye orodha ya marejeleo anaingia Hardin peke yake. Lloyd haingii, kwa sababu orodha ile inamwambia msomaji ni kazi zipi ulizifungua wewe. Hapa ndipo wengi mnapoteleza: mabano mnayaandika vizuri, kisha mnamwingiza Lloyd kwenye orodha "ili zionekane nyingi". Nahesabu majina yaliyo kwenye matini na yaliyo kwenye orodha, na jina la mtu wa kwanza likitokea kwenye orodha najua umelizoa.

Ukiweka namba ya ukurasa, iwe ya kitabu kilicho mkononi mwako, na ikae baada ya mwaka wake. Mimi ningeandika Hardin, 1968, kama alivyorejelewa na fulani, mwaka wa kitabu, uk. 47, na mzee yule asingekuwa na swali. Kama umenakili maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, napendelea "alivyonukuliwa"; kama ni wazo tu, "alivyorejelewa". Chagua na usibadilibadilishe ovyo.

Jambo moja zaidi hapa. Mwandishi wa pili akieleza wazo kwa maneno yake, usiyaweke maneno yake kwenye alama za kunukuu kana kwamba yalitoka kinywani mwa wa kwanza. Tena angalia wazo la Lloyd linaishia wapi na la Hardin linaanzia wapi. Soma aya ya juu na ya chini. Usipouona mpaka huo, basi hujawa tayari kuandika jina la Lloyd.

4. Mambo madogo.

Kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeleo, mchague Hardin, kisha kwenye kisanduku cha Prefix andika "Lloyd, 1833, kama alivyorejelewa na", na orodha itabaki safi yenyewe. Mabano ya namna hii yakizidi mawili au matatu kwenye sura moja, narudisha sura. Mitindo mingine, kama Chicago, hutaka kazi zote mbili zionekane kwenye tanbihi, kwa hiyo soma mwongozo wa idara yako kwanza.

Mmoja wa wale saba alikuja jana jioni na kitabu alichoazima, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Tulikisoma pamoja. Aliyezungumzia sangara alikuwa mwandishi wa kitabu, wala si Hardin. Akalikata jina la Hardin kwenye sentensi, akaandika la mwandishi yule, mwaka na ukurasa, kisha akashuka hadi kwenye orodha na kumfuta Hardin huko pia.