Sisti kwenye ovari: ya kuangaliwa na ya kutolewa

"Nina miaka 31, niko Likoni. Nilipigwa altrasaundi ya figo, wakaona sisti ya sentimita 4 kwenye ovari ya kulia. Siumwi. Nitolewe?"

Dada, usitazame ukubwa pekee, soma na maelezo ya ripoti. Ikisema ukuta ni mwembamba na ndani ni maji matupu, bila vigawanyo wala vinyama, basi kwa kawaida imetokana na mzunguko wa hedhi na huyeyuka yenyewe. Kwa umri wako, isipozidi sentimita 5 hata kurudia picha si lazima. Kati ya 5 na 7 hupimwa kila mwaka. Anayekuharakishia kisu kwa hiyo, muulize sababu.

Yenye mafuta na nywele ndani, deimoidi, ndiyo haiyeyuki. Ikiwa ndogo huangaliwa, ikikua hutolewa, maana yaweza kuisokota ovari. Hapo maumivu makali huja ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika. Usingoje kupambazuke, vuka feri uende hospitali usiku huohuo.

Ikionyesha vinyama vyenye mishipa ya damu, muone bingwa wa wanawake mapema. Aliyekoma hedhi huongezewa kipimo cha damu cha CA-125.