Usizidishe kiasi eti kamati itakata

*"Wakuu, naandika barua ya kuomba mkopo mfuko wa ustawi wa wafanyakazi kazini kwetu. Shida yangu ni 1,500,000 ila mwenzangu kasema niandike 3,000,000 kwa sababu kamati lazima ikate. Muda niweke miezi 12 au 24? Na barua ipitie kwa bosi wangu au niipeleke moja kwa moja kwa katibu?"*

Futa hiyo milioni tatu kabla hujasaini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na mtu mwenye miaka mingi kazini, nikamwamini, na mwaka mzima nilimlaani kila tarehe ya mshahara. Hakuwahi kukaa kwenye kamati ile hata siku moja! Alisikia tu kwa watu, akaja kunigawia kama sheria.

Mimi paa lilikuwa linavuja, fundi akaniandikia makadirio ya 1,400,000. Nikaomba 2,800,000 kwa miezi 12, nikijua watanipa nusu. Mwezi ule waombaji walikuwa wachache na mfuko ulikuwa na hela. Kamati ikatazama slipu yangu ya mshahara, ikaona makato yanaingia, ikapitisha yote kama nilivyoandika.

Sasa angalia hesabu. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 900,000. Baada ya kodi, pensheni na makato mengine, mkononi nabaki na 570,000. Masharti ya mfuko wetu yanataka theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 300,000, isiguswe, kwa hiyo nafasi ya kukatwa ilikuwa 270,000. Riba ni asilimia 10, inapigwa mara moja juu ya mkopo wote. 2,800,000 ikawa 3,080,000, ukigawa kwa 12 unapata kama 256,700 kila mwezi. Kwa kamati ni sawa kabisa, haijavuka 270,000. Lakini nyumba yangu inakula 420,000 kwa mwezi, na mimi nilibaki na 313,300. Kila mwezi pengo la zaidi ya laki moja. Kamati haijui unalipa kodi ya nyumba kiasi gani wala una watoto wangapi shuleni. Inajua slipu tu.

Utasema si ningerudisha ile ziada. Nilijaribu wiki ya pili. Mweka hazina akanionyesha kwenye fomu: riba imeshahesabiwa juu ya 2,800,000, nikirudisha nusu leo riba haipungui hata senti, na makato ya mwezi hayabadiliki mpaka niombe upya. Kuomba upya maana yake wadhamini wasaini tena, na mdhamini wangu mmoja, dada mmoja wa idara ya jirani, alikataa kwa sababu naye alitaka kukopa na michango yake ilikuwa imeshikwa na deni langu. Sikuweza kumlaumu. Ile ziada nikaanza kuimega kidogo kidogo kuziba pengo la kila mwezi, yaani nilikopa kwa riba ili nipate hela ya kulipia mkopo wenyewe.

Kwa hiyo anza na makato, kiasi kije baadaye. Chukua slipu ya mwezi uliopita, soma kile kinachofika mkononi, siyo mshahara wa msingi wala jumla ya juu. Toa matumizi ya nyumba ya mwezi mbaya, ule wa ada au wa ugonjwa. Kilichobaki ndicho unachoweza kukatwa. Kwangu kilikuwa 150,000. Ningeomba 1,400,000 ile ile ya fundi, na riba ni 1,540,000, kwa miezi 12 ni kama 128,300. Ingekaa vizuri bila mtu kulala njaa. Kama kwako miezi 12 inazidi uwezo, ongeza miezi, lakini kwanza uliza riba inapigwa mara moja au kila mwaka, maana ikiwa ya kila mwaka miezi 24 inakuongezea gharama.

Kwenye barua andika sentensi moja inayobeba yote. Yangu ya pili, miaka miwili baadaye, ilikuwa hivi: "Naomba mkopo wa 600,000 kwa ajili ya kulipa ada ya muhula kama inavyoonekana kwenye ankara niliyoambatisha, nikatwe 66,000 kwa mwezi kupitia mshahara kwa miezi 10, kuanzia mwezi unaofuata baada ya kupokea fedha." Hiyo 66,000 ina riba ndani yake, nilishaipigia hesabu na mweka hazina kabla ya kuandika. Usiandike "matatizo ya kifamilia" halafu ukaacha makato wapange wao. Ukiacha wazi watakukata mpaka pale masharti yanaporuhusu, na pale ndipo nilipokwama mimi.

Na huyo mwenzako muulize swali moja: yeye mara ya mwisho aliomba ngapi, akapewa ngapi?